Likizo ya Uzazi Uganda: Haki Imefungwa Kwenye Tarehe ya Kurudi

Tangu Bunge la Uganda lilipopitisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mwezi Mei 2023, na Rais akaurudisha bila kuutia saini, mazungumzo kuhusu wanawake walioajiriwa na mimba zao yamekwama kwenye swali moja: siku za likizo ya uzazi ziongezwe au zisiongezwe? Mmoja anasema siku 60 ni chache, mwingine anasema mwajiri mdogo ataumia. Naona mjadala huo umepita pembeni ya mahali ambapo wanawake wengi wanapoteza haki zao. Siku 60 ni chache kweli. Lakini hata hizo chache huwaponyoka wengi, kwa sababu barua wanayomwandikia mwajiri inasema wanaondoka lini na haisemi, kwa hesabu inayoweza kukaguliwa, wanarudi lini. Sheria iliyopo imeifunga haki ya likizo kwenye taarifa ya kurudi kuliko taarifa ya kuondoka. Huyo mama akiwa hajui hilo, na bosi wake naye hajui, ugomvi wa Novemba huwa umeshaandikwa tangu Agosti.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 40, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mwanamke ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ndiyo inayoeleza ulinzi huo ni upi: siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na kati ya hizo angalau wiki nne ziwe baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Mwanamke ana haki ya kurudi kwenye kazi ileile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ambayo angekuwa nayo kama asingeondoka. Kisha linakuja sharti ambalo watu hulisoma haraka na kulipita: haki hizo anazipata akitoa taarifa ya siku zisizopungua saba kwamba anakusudia kurudi kazini, au muda mfupi zaidi ikiwa mazingira yanaeleweka. Mwajiri akitaka taarifa hiyo iwe ya maandishi, iandikwe. Akitaka cheti cha afya, cheti cha daktari au cha mkunga aliyesajiliwa kinatosha, kwa hiyo anayehudhuria kliniki kituo cha afya cha karibu halazimiki kumtafuta daktari bingwa mjini. Kumbuka pia kwamba sheria za nchi zilichapishwa upya na toleo hilo likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sheria ya Ajira sasa ni Sura ya 226, na namba za vifungu katika sheria nyingi zimesogea. Aliyezoea kuandika «kifungu cha 56» aitaje sheria kwa jina na sura, ili asijibiwe kwamba kifungu alichokitaja hakizungumzii uzazi.

Maneno yanayoleta matatizo ni matatu tu: siku za kazi. Mitaani na hata kwenye ofisi za utumishi watu husema «miezi mitatu». Sheria haijasema hivyo popote. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anamaliza siku 60 kwa wiki 12. Anayefanya kazi siku sita, kama walivyo wengi madukani, viwandani, kwenye shule za binafsi na mipakani, anazimaliza kwa wiki kumi. Wanawake wawili wanaolipwa na kampuni moja, mmoja makao makuu Kampala na mwingine kwenye ghala, wanaweza kupishana wiki mbili nzima wakati kila mmoja anaambiwa amepewa likizo sawa na mwenzake. Ajabu ni kwamba anayefanya kazi siku nyingi zaidi ndiye anayekaa na mtoto wake wiki chache zaidi.

Tufanye hesabu kwa mfano. Karani wa kampuni ya uwakala wa forodha pale Malaba, mpakani na Kenya, anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, amepewa na mkunga makisio ya kujifungua tarehe 14 Septemba 2026. Anaamua likizo ianze Jumatatu, 31 Agosti, wiki mbili kabla ya makisio. Wiki kumi za siku sita zinaishia Jumamosi, 7 Novemba. Lakini katikati kuna Ijumaa, 9 Oktoba, sikukuu ya Uhuru, ambayo ni mapumziko yenye malipo na kwa hiyo si siku ya kazi. Siku ya 60 inasogea hadi Jumatatu, 9 Novemba, na siku ya kuripoti kazini ni Jumanne, 10 Novemba. Mwenzake wa Kampala anayefanya kazi siku tano, akianza tarehe hiyohiyo, anamaliza Jumatatu, 23 Novemba, na kuripoti tarehe 24. Sasa mchukue karani huyuhuyu wa Malaba aliyeamini habari ya miezi mitatu. Atatokea kazini Jumatatu, 30 Novemba, akiwa na mtoto mnene na moyo mweupe, akute barua mezani inayosema ametoroka kazi kwa siku 17. Kwa hesabu ya sheria, barua hiyo ina msingi. Hakuna muswada uliohitajika kumwokoa, ilihitajika kalenda tu.

Siku hizo 17 zingeweza kuwa zake kihalali. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku saba kwa kila miezi minne ya utumishi, yaani siku 21 kwa mwaka. Kama karani hajaitumia, angeweza kuomba mapema siku 17 ziunganishwe na likizo ya uzazi, na 30 Novemba ikawa tarehe halali ya kurudi. Mwajiri ana sauti katika kupanga lini likizo ya mwaka ichukuliwe, kwa hiyo hili ni ombi na liandikwe kama ombi, likiwa na tarehe mbadala endapo litakataliwa. Barua yenyewe haihitaji maneno mengi:

«Madam, naomba kukujulisha kuwa likizo yangu ya uzazi itaanza Jumatatu, 31 Agosti 2026. Makisio ya kujifungua ni 14 Septemba, kama inavyoonyesha barua ya mkunga niliyoambatanisha. Kwa kuwa idara yetu inafanya kazi siku sita kwa wiki, na 9 Oktoba ni sikukuu, siku 60 za kazi zitatimia Jumatatu, 9 Novemba. Baada ya hapo naomba siku 17 za likizo ya mwaka, ili nirudi kwenye nafasi yangu Jumatatu, 30 Novemba. Ombi hilo lisipokubaliwa, nitaripoti Jumanne, 10 Novemba. Nitakuandikia tena kuthibitisha, siku zisizopungua saba kabla ya kurudi.»

Tazama kwamba barua hii inaonyesha hesabu pamoja na jibu lake. Bosi asiyekubaliana na hesabu ana nafasi ya kusema mwezi Julai au Agosti, watu wakiwa bado wanaongea vizuri. Akikaa kimya baada ya kuipokea, itamwia vigumu kudai mwezi Novemba kwamba hakujua. Kwa hiyo nakala igongwe mhuri wa mapokezi au itumwe pia kwa baruapepe ya ofisi. Na ile sentensi ya mwisho si heshima tu, ndiyo inayofungua mlango wa sharti la siku saba. Barua ya pili ya mistari miwili, ikifika 3 Novemba kwa anayerudi tarehe 10, au 23 Novemba kwa anayerudi tarehe 30, ndiyo inayokamilisha haki. Wengi hawaiandiki kabisa kwa sababu wanadhani ya kwanza ilimaliza yote.

Hapa kuna hoja ambayo nimeisikia kutoka pande zote mbili, kwa waajiri na kwa kina mama: tarehe ya kuzaa anaijua Mungu, utaandikaje tarehe ya kurudi? Ni hoja dhaifu kuliko zote, maana inachanganya mambo mawili. Siku 60 zinahesabiwa tangu likizo inapoanza, hazianzi siku mtoto anapozaliwa. Karani wetu akijifungua tarehe 24 Septemba, siku kumi baada ya makisio, tarehe yake ya kumaliza haibadiliki, inabaki 9 Novemba. Uzazi kuchelewa unagusa kitu kimoja tu, zile wiki nne za lazima baada ya kujifungua, ambazo kwake zinaishia 22 Oktoba, ndani kabisa ya likizo. Hatari iko kwa anayeondoka mapema mno. Laiti angeanza likizo 3 Agosti, wiki sita kabla ya makisio, siku zake 60 zingeisha Jumatatu, 12 Oktoba, siku 18 tu baada ya kujifungua. Sheria inataka wiki nne. Mwajiri na mwajiriwa wangebaki wakivutana juu ya siku kumi zilizobaki, nani anazilipa na zinaitwaje. Anayejisikia na afya na kuruhusiwa na mkunga wake ana sababu nzuri ya kuanza likizo karibu na makisio, na anayelazimika kupumzika mapema kwa ugonjwa aombe ruhusa ya ugonjwa kwa cheti, asianze kuzila siku za uzazi. Ruhusa ya ugonjwa ina malipo yake: mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza.

Ugonjwa baada ya kujifungua nao una kanuni yake, na hiyo pia hueleweka vibaya. Ikiwa mama au mtoto ameugua kutokana na ujauzito au uzazi, na haifai mama arudi kazini, haki yake ya kurudi inabaki wazi ndani ya wiki nane tangu kujifungua. Kwa aliyejifungua 24 Septemba hiyo ni hadi 19 Novemba. Kifungu hicho kinalinda nafasi ya kazi, hakisemi kwamba siku zinazozidi 60 zinalipwa. Mama akiwa ndiye mgonjwa, ruhusa ya ugonjwa inaweza kubeba malipo. Mtoto akiwa ndiye mgonjwa, kilichobaki ni likizo ya mwaka au huruma ya bosi. Hapo sheria imepungukiwa kweli, na wabunge wangekuwa na kazi ya kufanya.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa wanawake wenyewe, nami siibezi: ukimpa mwajiri barua yenye tarehe mapema, umempa muda wa kukutafutia mbadala. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja unaoisha katikati ya likizo anajua ninachosema, mkataba hauhuishwi na hakuna anayetaja tumbo. Sheria inakataza kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito au jambo linaloambatana nao, lakini mkataba kufika mwisho wake ni jambo lenye ubishi zaidi, na aliye kwenye kipindi cha majaribio ana kinga finyu. Hata hivyo, fuata hoja hii hadi mwisho wake. Siku ya kufika kwa afisa wa kazi wa wilaya, swali la kwanza ni kama mwajiri alijua habari ya mimba alipofanya uamuzi. Aliyeficha hadi wiki ya mwisho amempa mwajiri jibu jepesi: sikujua. Aliyeandika wiki sita kabla ana karatasi yenye mhuri inayotangulia uamuzi wa kumwondoa, na mpangilio huo wa tarehe unasema mengi bila shahidi. Barua haimzuii mwajiri mbaya kutenda ubaya wake. Inafanya ubaya huo uonekane, na malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yana muda wa miezi mitatu tu ya kufikishwa kwa afisa wa kazi, muda ambao mama mwenye mtoto mchanga hana nafasi ya kuanza kutafuta ushahidi.

Waajiri nao wana lao. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, haulipi mafao ya uzazi. Mshahara wa siku zote 60 unatoka mfukoni mwa mwajiri, na juu yake kuna anayekaimu. Kwa ofisi ya watu watano pale mpakani, huo ni mzigo wa haki kuulalamikia, na ndiyo sababu naamini sehemu ya makabidhiano katika barua ina uzito kuliko inavyopewa. Kwa kawaida huandikwa sentensi moja: «kazi zangu zitaendelea na mwenzangu.» Sentensi hiyo haimsaidii mtu.

Rudi kwa karani wa Malaba. Mezani kwake kuna mafaili ya mizigo iliyo katika hatua tofauti: mingine tamko la forodha limeingizwa na kodi haijalipwa, mingine imelipiwa ila lori halijavuka, mingine inapita kwenda Kongo au Sudan Kusini chini ya bondi, yaani dhamana ya kodi, ikiwa na kifaa cha kielektroniki cha ufuatiliaji, na bondi haifungwi hadi mzigo uthibitishwe kutoka nchini. Makabidhiano ya maana ni orodha ya kila faili, hatua iliyofikia, tarehe inayofuata na mteja wa kupigiwa simu, ikasainiwa na wote wawili siku ya mwisho ya kazi. Saini hiyo inagawa wajibu. Bondi ikikutwa wazi mwezi Oktoba, inaonekana ilikuwa mikononi mwa nani. Jambo la pili ni nywila ya ASYCUDA, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato. Mazoea ni kumwachia mwenzako nywila yako «kwa muda», na matokeo yake ni kwamba wewe uko wodini huku matamko yanaingia mfumoni kwa jina lako. Tamko lenye thamani ya uongo litaulizwa kwa mwenye jina. Anayekaimu awe na akaunti yake, na kwa kuwa kuipata kunachukua muda, barua itangulie angalau kwa wiki sita. Sheria haijaweka muda wa taarifa ya kuondoka, ila mikataba na miongozo ya ofisi nyingi imeuweka, kwa hiyo asome wake kwanza.

Halafu kuna neno la kuchunga. Makabidhiano yaseme mwenzake «atakaimu hadi 9 Novemba» au tarehe yoyote iliyokubaliwa, yasiseme «amechukua nafasi». Nimepitia barua nyingi za aina hii, na hakuna kosa linalogharimu kama mpango wa makabidhiano usio na mwisho. Unapoisha muda, aliyekaimu amezoea, wateja wamezoea namba yake, na bosi anaanza kusema ofisi imepangwa upya. Sheria inaruhusu kazi mbadala inayofaa, kwa masharti yasiyopungua. Kumtoa karani kwenye mafaili ya wateja na kumweka mapokezi kwa mshahara uleule kunaweza kutetewa kwa mshahara, lakini kama alikuwa akipata posho au kamisheni kwa kila mzigo, masharti yamepungua. Ndiyo maana inafaa barua itaje cheo, majukumu na malipo yote anayoyaacha, pamoja na yale yasiyo kwenye mshahara wa msingi.

Ikiwa wabunge wataurudia muswada, ningependa waanze na jambo dogo linaloweza kupimwa: waandike wiki badala ya siku za kazi, kama ulivyofanya Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaja wiki 14. Hata wakiandika 12 tu, anayefanya kazi siku tano karibu habadilishiwi kitu, na yule wa siku sita anapata wiki mbili ambazo mwenzake wa ofisini amekuwa nazo tangu 2006. Gharama kwa mwajiri ni mshahara wa wiki mbili kwa kila uzazi wa mfanyakazi wa siku sita, na hicho ndicho kiasi cha kujadiliana, pamoja na kama NSSF ichangie sehemu yake. Sharti la siku saba ningeliacha libaki, kwa kuwa anayekaimu naye anahitaji kujua lini anarudi kwenye meza yake, ila ningemwongezea mwajiri wajibu wa kujibu barua ya kwanza kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, akikubali hesabu ya tarehe au akieleza anaipinga wapi.